Saa Nane ya Nani? Karatasi ya Kipimo cha Damu na Usiku wa Kibenga

Miongoni mwa sentensi fupi za Kiswahili ambazo ningependa kila mwanafunzi wa lugha hii ajaribu kuziandika, mojawapo ni ile ambayo mgonjwa hupewa anapotakiwa kurudi kesho yake asubuhi kutolewa damu kabla hajala. Sentensi hiyo huonekana nyepesi mno. Huandikwa kwa haraka nyuma ya karatasi ya maabara, au hutamkwa tu dirishani huku mgonjwa mwingine akikohoa nyuma. Nami nashikilia kwamba kuiandika bila utata ni kazi ngumu ya lugha, na kwamba mwenye dhamana ya kuiandika vema ni yule anayeiandika. Mgonjwa asilaumiwe kwa kuisoma kama alivyofundishwa kusoma.

Chukueni mtaa wa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika. Mkaazi wa hapo huishi kati ya saa mbili zisizolingana. Kirundi cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni huhesabu saa tangu jua kuchomoza: saa moja asubuhi ni muda mfupi baada ya mapambazuko, saa sita ni adhuhuri, saa kumi na mbili jioni ni pale jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Hesabu hii haimpotoshi mtu wa Bujumbura, kwa kuwa jiji liko karibu na ikweta na jua hubadilisha saa zake kidogo tu mwaka mzima. Lakini shule, ofisi na maabara hutumia Kifaransa, na Kifaransa huhesabu tangu usiku wa manane. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliiweka Kiingereza kando ya Kirundi na Kifaransa katika shughuli rasmi za Burundi, Kiswahili hakimo. Kwa hiyo karatasi ya maabara kwa kawaida huchapwa kwa Kifaransa, na maelezo ya Kiswahili huongezwa kwa mkono au kwa mdomo na mtu ambaye kichwani mwake saa zimekwisha kupangwa kwa Kifaransa.

Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Mhudumu anataka mgonjwa amalize kula saa ambayo Kifaransa huiita ya nane ya jioni, yaani 20:00. Anaandika: «Usile baada ya saa 8 usiku. Njoo kesho saa 8 asubuhi.» Kwake yeye ni muda wa saa kumi na mbili kamili, na hesabu imekwisha.

Sasa tuisome karatasi hiyo kwa macho ya mtu wa pili. Tumfikirie mzee mmoja anayelinda nyumba Kibenga usiku, zamu, kama wanavyoitwa walinzi huko. Anapokuta «saa 8 asubuhi» anasita, kwa sababu katika Kiswahili hakuna saa nane ya asubuhi. Saa nane ni ya mchana au ya usiku wa kina. Anatambua kwamba mwandishi ametumia saa za Kizungu, anatoa sita, anapata saa mbili asubuhi, na kweli anafika saa mbili. Kosa la asubuhi limejifichua lenyewe. Lakini «saa 8 usiku» haimstui hata kidogo. Saa nane usiku ipo. Aijua vizuri kuliko watu wengi wa mtaa huo, kwa kuwa huipitisha macho kila siku akiwa kando ya lango.

Nawaomba wanafunzi wangu wasimame hapa kidogo, maana hii ndiyo sehemu ambayo vitabu vyetu vya sarufi huipita mbio. Tunafundisha kwamba ukiongeza neno la wakati, yaani asubuhi, mchana, jioni au usiku, utata wa saa huondoka. Asubuhi, naam, aghalabu huondoka. Usiku hauondoki kabisa. Neno «usiku» linafunika tangu giza kuingia hadi karibu na alfajiri, na ndani ya muda huo namba 1, 2, 3, 7, 8 na 9 zote zina maana katika saa za Kiswahili na katika saa za Kizungu pia. Saa 2 usiku ni 20:00 kwa mmoja na 02:00 kwa mwingine. Saa 8 usiku ni kinyume chake. Wote wawili wamesoma sentensi sahihi ya Kiswahili, na hakuna hata mmoja aliyepata sababu ya kuuliza. Ikumbukwe tena kwamba muda wa kuacha kula huangukia usiku karibu kila mara. Hivyo saa muhimu zaidi katika karatasi nzima imewekwa mahali ambapo lugha haina kinga.

Turudi kwa mzee wetu. Anakula saa saba na nusu usiku: bugali wa muhogo, maharage, na ndagala wachache. Amemaliza nusu saa kabla ya mpaka aliousoma, na moyo wake umetulia. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mwenye nyumba anamletea kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Anakumbuka karatasi. Karatasi inasema «usile». Chai hailiwi, chai hunywewa. Anaipokea, anashukuru, anakunywa.

Msicheke. Katika Kiswahili mstari kati ya kula na kunywa hauko pale ambapo daktari angeupenda uwe. Mtu aliyekunywa chai tu atakuambia bila uongo wowote, «Sijala.» Uji, ambao ni unga uliopikwa na mara nyingi una sukari, kwetu hunywewa. Maziwa, soda na maji ya matunda hali kadhalika. Pombe nayo. Kitenzi kimoja, «usile», kinaruhusu vyote hivi vipite, na sukari iliyoyeyuka ndani yake huingia damuni upesi kuliko ile ya bugali.

Saa mbili asubuhi mzee anatolewa damu. Kwa kipimo cha sukari ya mtu aliyefunga kula, mwongozo wa kawaida hutaka angalau muda wa saa nane bila kitu chochote chenye lishe. Kwa mafuta ya damu, pale daktari anapotaka yapimwe kabla ya kula, hutakiwa kati ya saa tisa na kumi na mbili. Mzee ana saa sita na nusu tangu chakula, na mbili na nusu tangu chai. Tuseme sukari inatoka miligramu 131 kwa desilita, ambayo kwenye karatasi ya Kifaransa itaandikwa gramu 1.31 kwa lita. Mpaka ambao Shirika la Afya Duniani limeuweka wa kuitambua kisukari kwa aliyefunga kula ni miligramu 126. Amepita. Ilhali namba ile ile, kama ingeandikwa kuwa ni ya mtu aliyekunywa chai ya sukari muda si mrefu, isingemshtua daktari yeyote.

Mtaniambia kwamba daktari mwangalifu hamwiti mtu mgonjwa wa kisukari kwa namba moja, hasa kama hana dalili. Hurudia kipimo siku nyingine. Ni kweli, na ni utaratibu mzuri. Lakini mzee atarudia kwa karatasi gani? Kwa ile ile. Atakula saa saba na nusu, atapewa chai alfajiri, na namba ya pili itakubaliana na ya kwanza. Kurudia kipimo huondoa makosa ya bahati. Kosa la lugha halitokani na bahati. Hurudi kila sentensi isomwapo, nalo huonekana kama uthibitisho.

Je, maabara haiwezi kugundua? Kwa mafuta, mara nyingine, naam. Damu ya mtu aliyekula vyakula vya mafuta ikizungushwa kwenye mashine na chembe zikatulia chini, maji yake ya juu huweza kuonekana meupe kama yaliyochanganywa na maziwa badala ya kuwa angavu yenye umanjano, na mpimaji mzoefu atauliza. Kwa sukari hakuna dalili ya macho. Chai ya alfajiri haiachi rangi yoyote katika kichupa.

Basi wengine husema: tumia neno «kufunga», ni neno zuri, linajulikana, lina kula na kunywa ndani yake. Mimi silitaki likiwa peke yake. Katika jiji lenye mtaa kama Buyenzi, ambako Uislamu na Kiswahili vimekaa pamoja kwa vizazi, kufunga ni ibada yenye saa zake. Mwenye kufunga hula daku kabla ya alfajiri, kisha hajali tena. Mtu mwaminifu akiambiwa «uje umefunga» anaweza kuamka saa kumi usiku, akala daku yake ya heshima, akaja maabara saa mbili asubuhi akiwa amekaa na njaa kwa muda wa saa nne tu. Tena hatakuwa amegusa maji. Hili la maji nalo lina madhara yake: maji matupu hayaharibu vipimo hivi, na mtu aliyekauka mishipa yake huwa migumu kupatikana, sindano ikaingia mara mbili au tatu. Neno «funga» linakataza lile linaloruhusiwa na kuruhusu lile linalokatazwa. Kama lazima litumike, liambatane na maelezo: si saumu, maji yanaruhusiwa, na daku hakuna.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa sarufi tupu, na kwangu mimi mwalimu ndio unaonisumbua zaidi. Neno «saa» lina kazi mbili. Hutaja nukta ya wakati, na hutaja urefu wa muda. Daktari akisema, «Usile saa kumi na mbili kabla ya kipimo,» amekusudia urefu. Msikilizaji anaweza kusikia nukta: asile saa kumi na mbili, yaani alfajiri jua linapotoka, kabla ya kwenda kwenye kipimo. Kwa tafsiri hiyo chakula cha saa kumi na moja hakina tatizo. Sisi walimu tumezoea kupiga mstari mwekundu chini ya «masaa», tukisema wingi wa saa ni saa. Darasani nitaendelea kuupiga. Lakini mhudumu wa maabara anayesema «masaa kumi na mawili» ametenganisha urefu na nukta kwa kiambishi kimoja, na mgonjwa wake hatakosea. Mstari wangu mwekundu usimfikie huko. Anayetaka usanifu na uwazi kwa pamoja aseme «kwa muda wa saa kumi na mbili». Bora zaidi, asimpe mgonjwa urefu hata kidogo. Kuhesabu kurudi nyuma kutoka asubuhi hadi jana yake ni hesabu ya kutoa inayovuka siku, na hakuna sababu ya kumwachia mgonjwa hesabu ambayo mwandishi anaweza kuimaliza mwenyewe.

Kuvuka siku, nasema, kwa kuwa hata jina la siku si salama. «Usile usiku wa Jumanne» ni usiku upi? Kwa desturi ya zamani ya Waswahili, ambayo ni desturi ya Kiislamu pia, siku huanza jua linapozama. Usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Kwa kalenda ya ofisini ni usiku unaoufuata. Mgonjwa mwenye miadi Jumanne asubuhi akishika maana ya pili ataona karatasi haina mantiki, na mtu akiona karatasi haina mantiki hufanya aonavyo mwenyewe. Lugha yetu imejitengenezea dawa nzuri kwa hili, «usiku wa kuamkia Jumanne», inayosikika kila siku katika taarifa za habari. Haina utata kwa yeyote. Nashangaa kwamba haimo katika karatasi nyingi za hospitali.

Kwa sababu hiyo hiyo nisingetumia saa sita usiku kuwa mpaka, ingawa kwa kipimo cha sukari pekee ingetosha: kutoka hapo hadi saa mbili asubuhi ni muda wa saa nane. Usiku wa manane uko kwenye mshono wa siku mbili. Ukiandika 00:00 Jumanne, wako watakaodhani ni mwisho wa Jumanne. Mpaka uvutwe nyuma uingie ndani ya siku moja bila ubishi.

Haya, tuandike. Miadi ni Jumanne, 08:00. Daktari anataka sukari na mafuta pamoja. Muda wa saa kumi na mbili. Mimi ningeandika hivi:

«Utatolewa damu siku ya Jumanne asubuhi, saa mbili (08:00). Siku moja kabla, Jumatatu jioni, kula chakula chako cha kawaida jua likizama. Maliza kula kabla ya saa mbili ya usiku wa kuamkia Jumanne (Jumatatu, 20:00). Kuanzia hapo hadi utakapotolewa damu, usitie kinywani kitu chochote ila maji matupu: si chakula, si chai, si uji, si maziwa, si soda, si pombe. Kunywa maji kama kawaida. Hii si saumu, usile daku. Ikiwa unatumia dawa yoyote, na hasa dawa au sindano ya kisukari, uliza kabla hujaondoka hapa.»

Angalieni namna saa zilivyoandikwa. Saa za Kiswahili zimeandikwa kwa maneno. Saa za ofisini kwa tarakimu nne ndani ya mabano. Kamwe tarakimu moja haikai kando ya neno «saa», kwa kuwa «saa 8» ndiyo iliyotupotosha tangu mwanzo. Tarakimu 20:00 haiwezi kusomwa kwa saa za Kiswahili, maana hatuna saa ya ishirini. Nayo ndiyo inayoonekana kwenye simu nyingi za mkononi. Mwenye kusoma maneno atapata saa yake, mwenye kutazama simu atapata yake, na asiyetumia saa yoyote ana jua lizamalo na chakula cha jioni. Mashahidi watatu wakikubaliana, mmoja akisomwa vibaya wawili watamsuta.

Sentensi ya mwisho, ile ya dawa, si ya adabu tu. Mtu anayejidunga insulini au kumeza vidonge fulani vya kushusha sukari, akivitumia huku hajala, sukari yake inaweza kushuka hadi akatetemeka, akatokwa jasho na kupoteza fahamu. Hatari huwa kubwa zaidi ikiwa kosa la saa limekwenda upande wa pili: akiambiwa «saa 7 asubuhi», akashika saa saba ya mchana, atakuwa amekaa na njaa tangu jana usiku hadi adhuhuri kupita. Jibu la swali la dawa ni la daktari wake, na hutofautiana kwa kila mtu; karatasi isijaribu kulitoa.

Mzee wetu bado ana shida moja ambayo hakuna sentensi ya jumla itakayoimaliza. Chakula chake kikuu ni cha katikati ya usiku. «Chakula cha jioni» kwake ni maneno ya nyumba za watu wengine. Mhudumu anayemwuliza, «Mzee, wewe hufanya kazi ya usiku?» atamwambia ale nyumbani kabla ya kwenda langoni saa kumi na mbili jioni, achukue chupa ya maji, na amweleze mwenye nyumba mapema kwamba chai ya kesho alfajiri isubiri. Au, kama kinachotakiwa ni sukari peke yake, wapange damu itolewe katika saa inayofuatana na mlo wake. Mlinzi anayerudi nyumbani kulala ana alfajiri isiyofanana na yetu.

Kabla hajaondoka, asiulizwe «Umeelewa?» Kila mtu aliyelelewa vizuri atajibu ndiyo. Aambiwe hivi: «Mzee, nisaidie kidogo. Hebu nielezee utakavyofanya kuanzia Jumatatu mchana.» Akisema, «Nitakula saa saba, halafu basi,» kosa limepatikana likingali la bure.

Na Jumanne dirishani, swali lisiwe «Umefunga?» wala «Hujala?» Yote mawili yanamwonyesha jibu linalotakiwa. Aulizwe, «Mara ya mwisho kitu kisicho maji kuingia kinywani mwako kilikuwa nini, na ilikuwa saa ngapi?» Jibu liandikwe juu ya karatasi kwa tarakimu nne, 19:40 au 05:30, lifuatane na kichupa hadi kwa daktari. Ikiwa ni 05:30, sindano irudishwe mezani, mzee akapate chai ya pili, na aandikiwe karatasi mpya kwa siku nyingine.